Hass ya buku na Hass ya elfu tano: unachonunua hasa kwenye mche wa parachichi

Mvua za Novemba zikishaanza kushika Nyanda za Juu Kusini, miche ya parachichi hutokea kila mahali. Utaiona kando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, utaiona Njombe mjini, utaiona Mafinga imepangwa kwenye toroli. Kila muuzaji anasema ya kwake ni Hass, aina ya parachichi inayotakiwa na wanunuzi wa kusafirisha nje. Mmoja anataka shilingi 1,000, mwingine hatua chache mbele anataka 5,000, na mche wa buku mara nyingi ndio mrefu zaidi na wenye majani mengi zaidi. Mnunuzi anachanganyikiwa, na ni haki yake. Wengine huishia kuamini kwamba tofauti ni tamaa ya muuzaji tu, wengine wanasikia kwamba ile ya bei "imechezewa" kwenye maabara, na wapo wanaorudi nyumbani kula Hass na kupanda kokwa lake, wakidhani wameokoa pesa.

Mkanganyiko huu unatokana na jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalielezi: mche wa Hass ulio halali ni miti miwili iliyoungana. Mizizi na sehemu fupi ya chini ya shina ni parachichi la kienyeji lililooteshwa kwa mbegu. Kuanzia hapo kwenda juu ni kipande cha tawi kilichokatwa kwenye mti wa Hass unaozaa. Mche wa chini tuuite hivyo hivyo, mche wa chini. Kile kipande cha juu huitwa kikonyo, mti kilikotoka ni mti mama, na kazi ya kuviunganisha ni kubebesha. Maneno hayo manne yanatosha.

Kwa nini kokwa la Hass halitoi Hass

Mbegu ni mtoto. Ana upande wa mama, yaani mti ulioangusha tunda, na ana upande wa baba, yaani mti uliotoa chavua. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani, na hata ukikuta ua limechavushwa na mti uleule, sifa za mti huo huchanganywa upya katika kila mbegu. Kikonyo si mtoto. Ni mti uleule, umehamishiwa kwenye mizizi mingine.

Kwenye parachichi mchanganyiko ni mkubwa kwa sababu ya namna maua yake yanavyofanya kazi. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, linafunga, kisha kesho yake mchana linafunguka tena likiwa dume. Aina nyingine, kama Fuerte, hufuata ratiba ya kinyume. Nyuki wanatembea kati ya miti hiyo, na ukizingatia kwamba Rungwe au Njombe karibu kila boma lina mparachichi wa kienyeji, huwezi kujua kokwa ulilonalo mkononi limepata chavua ya nani. Ukilipanda utapata mparachichi, hilo halina shaka. Unaweza kuwa mzuri. Lakini ganda linaweza kuwa laini na la kijani, tunda likawa kubwa mno au dogo mno, mafuta yakawa machache, na mnunuzi wa kusafirisha nje hatalichukua.

Hass yenyewe ilianzia kwenye kokwa la bahati. Katika miaka ya 1920 huko California, mgawa barua aliyeitwa Rudolph Hass alipanda mbegu za parachichi akitaka kuzibebesha Fuerte. Mche mmoja ulikataa kubebeshwa, ukaachwa ukue wenyewe, na matunda yake yakawa mazuri kiasi kwamba mwaka 1935 akausajili. Mti ule ulikufa mwaka 2002. Miti yote ya Hass duniani, pamoja na ile iliyoko Tukuyu na Kilolo, ni vikonyo vya vikonyo vilivyotoka kwenye mti ule mmoja. Ndiyo maana ganda lake lenye vipele, linalogeuka kuwa jeusi likiiva, linafanana popote unapolikuta. Mfululizo huo ukikatwa na kokwa, Hass imeishia hapo.

Hili linajibu pia hofu ya "kuchezewa". Kwenye kubebesha hakuna kinachoingizwa ndani ya mbegu wala kwenye chembe za mti. Mizizi inabaki ya kienyeji mpaka mwisho wa maisha yake na kikonyo kinabaki Hass. Ushahidi ni rahisi: chipukizi likitokea chini ya kiungo, yaani pale miti miwili ilipoungana, na ukaliacha likue, litazaa parachichi la kienyeji, wakati matawi ya juu yanazaa Hass, juu ya mti mmoja.

Na mche wa kubebesha hauzai mapema kwa sababu ya dawa. Mche wa mbegu lazima ukue kwanza mpaka ufikie umri wa kutoa maua, na kwa parachichi hiyo ni miaka mitano, saba, wakati mwingine zaidi. Kikonyo kimekatwa kwenye mti ambao ulishavuka umri huo. Kinachosubiriwa ni mti upate mwili wa kubeba matunda, ndiyo maana mwaka wa tatu hivi unaanza kuona tunda.

Kazi iliyomo ndani ya kiriba

Ili uelewe bei, fuata mche mmoja tangu mwanzo.

Mwenye kitalu mzuri hachukui kokwa lolote. Anachagua matunda ya kienyeji yaliyochumwa mtini, yaliyokomaa vizuri, kutoka kwenye miti yenye afya. Tunda lililookotwa chini analiacha, kwa sababu kwenye udongo wenye unyevu anaishi adui mkubwa wa parachichi, vimelea vinavyoozesha mizizi. Wataalamu huviita Fitofthora. Makokwa yanaoshwa, kisha yanalowekwa kwenye maji yenye nyuzijoto 49 hadi 50 kwa dakika 30 ili kuua vimelea hivyo. Hapa kipimajoto ni lazima, kwa kuwa nyuzi chache zaidi zinaua mbegu na nyuzi chache pungufu zinaacha ugonjwa. Kokwa la parachichi halivumilii kukaushwa na kuhifadhiwa kama mahindi. Likikauka limekufa, kwa hiyo linapandwa ndani ya siku chache. Upande mpana unakaa chini, uliochongoka unaelekea juu, na wengi hukata kidogo ncha ya juu ili chipukizi litoke haraka.

Kiriba kinajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa na mchanga. Mchanganyiko wa madebe matatu ya udongo, moja la samadi na moja la mchanga unafaa sehemu nyingi, ila penye udongo wa mfinyanzi mchanga uongezwe. Maji yakimwagiwa yapite, yasisimame. Kiriba kiwe kirefu, sentimita 25 hadi 30, kwa sababu mzizi mkuu wa parachichi unashuka upesi. Wanaotumia viriba vifupi kuokoa udongo wanaharibu mche kabla haujabebeshwa, na mnunuzi hataona chochote mpaka miaka miwili baadaye.

Kisha ni kusubiri. Kwenye baridi ya Juni na Julai, Njombe au Mufindi, mbegu zinaota taratibu na miche inakua kwa shida. Usiku wa jalidi unaweza kubabua majani ya kitalu kizima kama hakuna neti au kichanja cha nyasi juu. Joto likirudi Septemba miche inanyanyuka, na shina likifikia unene wa penseli ndipo liko tayari kubebeshwa.

Vikonyo vinakatwa asubuhi, kutoka kwenye ncha za matawi ya mti mama unaozaa vizuri. Vinavyotakiwa ni vile ambavyo vichipukizi vyake vimevimba lakini havijafumuka. Vilivyofumuka vitanyauka, na vilivyolala kabisa vinachelewa mno. Majani yanakatwa papo hapo yasiendelee kupoteza maji, vikonyo vinafungwa kwenye gazeti au kitambaa chenye unyevu, vinawekwa kivulini, na vinatumika siku hiyohiyo ikiwezekana.

Tazama sasa mikono ya mbebeshaji. Anakata mche wa chini kwa usawa, kama sentimita 20 au zaidi juu ya udongo. Anaupasua katikati, kina cha sentimita tatu hivi. Kikonyo anakichonga pande mbili kiwe kabari, kwa kisu chenye makali ya kukata mara moja bila kurudia, kwa sababu uso uliokwaruzwa haukamati. Anakichomeka kwenye ule mpasuko. Siri yote iko hapa: kati ya gamba na mti kuna utando mwembamba wa kijani wenye ute, na ndio pekee unaoota na kuunganika. Utando wa kikonyo lazima ukutane na utando wa mche walau upande mmoja. Ndiyo maana kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina hakiwekwi katikati, kinasogezwa pembeni gamba likutane na gamba. Halafu anafunga kwa utepe wa nailoni, kwa kukaza, kuanzia chini kwenda juu maji yasiingie, na anakivika kikonyo kifuko cha lambalamba ili kisikauke. Kisu kinapanguswa kwa spiriti kabla ya kwenda mche mwingine.

Baada ya wiki tatu au nne, kikonyo kilichokamata kinabaki kijani na kinaanza kufumua, na kilichoshindwa kinakuwa cheusi. Kifuko kinatolewa machipukizi yakishaanza. Utepe unabaki mpaka kiungo kishikamane, miezi miwili au mitatu, kisha lazima utolewe. Ukisahaulika unalikaba shina linapoendelea kunenepa. Muda wote huo, machipukizi ya chini ya kiungo yanaondolewa kila yanapotokea, kwa sababu mizizi ni ya kienyeji na daima inajaribu kurudisha mti wake.

Hesabu ya mwenye kitalu

Tuchukulie mfano, na wewe uweke bei za kwenu. Kitalu kinaanza na viriba 1,000. Kujaza udongo, samadi na kununua viriba, shilingi 200,000. Makokwa na kuyasafirisha, 50,000. Kumwagilia na kupalilia kwa miezi tisa, 360,000. Neti na miti ya kichanja, fungu la mwaka mmoja, 150,000. Mpaka hapo ni 760,000 na hakuna hata mche mmoja wa Hass.

Sasa miche iliyoota na kufikia unene ni 800. Vikonyo 800 kwa shilingi 200 ni 160,000. Mbebeshaji kwa shilingi 300 kila mche ni 240,000. Tepe na vifuko, 40,000. Jumla yote imefika 1,200,000. Kama mbebeshaji ni fundi na siku ni nzuri, miche minane katika kumi inakamata, yaani 640. Toa inayokufa au kudumaa baadaye, bakiza 600 ya kuuza. Kila mche umegharimu shilingi 2,000 kabla ya faida, usafiri, na muda wa mwenye kitalu mwenyewe.

Lakini vikonyo vikiwa vimekaa jua siku mbili, au fundi ni mwanagenzi, inakamata nusu tu. Anabaki na 360 hivi ya kuuza na gharama ileile, na kila mmoja umemgharimu zaidi ya 3,300. Kwenye biashara hii faida na hasara vinaamuliwa katika ile dakika ya kukutanisha utando na utando, kuliko kwenye mbolea au matangazo. Anayetaka kuanza kitalu ajifunze kubebesha kwanza, tena kwa mamia ya majaribio kwenye miche ya bei rahisi, kabla hajakodi eneo.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: kwa gharama za namna hiyo, Hass ya kubebesha haiwezi kuuzwa kwa buku. Anayeiuza hivyo ama ameotesha mbegu, ama anaondoa mabaki yaliyochakaa kitaluni. Bei kubwa peke yake nayo haithibitishi kitu, maana mche wa mbegu unaweza kuuzwa elfu tano vilevile.

Namna ya kuukagua mche

Anzia kwenye shina. Mahali pa kiungo panaonekana: kuna kovu lenye umbo la V, uvimbe mdogo, na mara nyingi rangi ya gamba inabadilika kutoka chini kwenda juu. Shina likiwa laini moja kwa moja tangu udongoni hadi kileleni, huo ni mche wa mbegu, hata ukiambiwa nini. Ukiona kovu, lisogeze taratibu kwa vidole. Likiwa imara, sawa. Likicheza, au ukiona ufa mkavu, mche umeuzwa kabla ya wakati, na kwa kweli hili ndilo kosa linaloongezeka Januari, wenye vitalu wanapoona mvua inakwenda na mteja amesimama mlangoni na pesa. Kiungo kibichi kinavunjika kwenye gari, au upepo wa kwanza shambani unakimaliza. Tazama pia majani mapya yako wapi. Kama ya juu ya kiungo ni machache na kichaka kizima kinatokea chini yake, unanunua mti wa kienyeji wenye kovu.

Kisha mizizi, ambayo karibu hakuna anayeiangalia. Mwombe muuzaji apasue kiriba kimoja, hata ukilipia huo mche. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa kwenye ncha. Ikiwa myeusi na inakatika ukiigusa, ugonjwa wa kuoza mizizi umo kitaluni, na hutanunua mche tu, utaupeleka ugonjwa kwenye shamba lako ambako hautatoka. Angalia na mzizi mkuu. Kama umefika chini ya kiriba ukajikunja na kuzunguka, mche umekaa mno. Hapa ndipo ile imani ya "mrefu ndio mzuri" inapowaumiza watu: mche wa mita moja na nusu kwenye kiriba kidogo ni mche uliozeeka, na mizizi iliyojikunja haijinyooshi ukishaupanda. Mche wa sentimita 60 wenye mizizi iliyonyooka utaupita ndani ya misimu miwili.

Kuna kitu kimoja ambacho jicho haliwezi kukuthibitishia: kwamba kikonyo ni cha Hass na si cha aina nyingine. Mche mdogo hauna tunda la kukuonyesha. Hapo unategemea mti mama. Muulize mwenye kitalu vikonyo alivitoa wapi na uombe kuuona mti huo ukiwa na matunda. Mwenye kitalu wa kweli hukupeleka kwa fahari. Muulize pia kama amesajiliwa na kukaguliwa na TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na kama uko Mbeya, kituo cha utafiti cha TARI Uyole ni mahali pa kuuliza kabla ya kutoa pesa. Dai risiti iliyoandikwa aina ya mche na idadi. Ekari moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inachukua miche 82 hivi, na ukipotoshwa kwenye miche hiyo hutajua mpaka mwaka wa nne au wa tano, muuzaji akiwa ameshahama barabara.

Ukishaupanda, kiungo kibaki juu ya udongo, wala usirundike matandazo mpaka yakaligusa shina. Kikifukiwa, kikonyo chenyewe kinakaribisha uozo.

Kama umeshapanda na si Hass

Wapo wengi Rungwe na Njombe ambao miti yao imeshafika miaka minne au mitano ndipo wakaona ganda laini la kijani. Usiing'oe. Mti huo una mizizi iliyokomaa, na unaweza kubebeshwa upya ukiwa shambani. Wakati baridi imeisha, Septemba au Oktoba, shina linakatwa kama mita moja kutoka ardhini, lakini unaacha tawi moja dogo likiwa hai ili liendelee kuilisha mizizi. Vikonyo viwili au vitatu vya Hass vinachomekwa kati ya gamba na mti kuzunguka kile kisiki, vinafungwa, na sehemu iliyokatwa inafunikwa maji yasiingie. Shina lote lililobaki wazi lipakwe chokaa, kwa sababu gamba lililozoea kivuli linaungua jua likilipiga ghafla. Vikonyo vikishashika na kupata nguvu, lile tawi la kienyeji linaondolewa msimu unaofuata. Kwa kuwa mizizi ni mikubwa, kikonyo kinakimbia kuliko kwenye kiriba, na katika miaka miwili au mitatu mti unarudi kuzaa, safari hii Hass. Fundi anayeweza kazi hiyo ni yuleyule anayebebesha kitaluni, na kwa mwenye kitalu hiyo ni biashara nyingine ya miezi ambayo miche bado haijawa tayari kuuzwa.